Anzia kwenye baki: jinsi ya kupanga dakika 15 za mwanzo kabla ya kufundisha sehemu

Mtoto anayefika kwenye somo la kwanza la sehemu ameshajua kugawanya. Anajua kwamba 12 ÷ 3 ni 4, na ameshafundishwa kwamba 3 ÷ 2 ni 1 baki 1. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jibu hilo la pili. Baki ni kitu anachokifahamu na amekiandika daftarini mara nyingi, ila huenda hajawahi kuulizwa: kama hatutaki kibaki kitu, tufanye nini? Sehemu zinazaliwa hapo. Mwalimu anayeanzia hapo anamkuta mtoto njiani. Anayeanza kwa kuchora duara ubaoni, kulipaka rangi kipande kimoja na kutamka "hii ni moja ya nne" anamletea mtoto kitu kigeni, kisichogusa chochote alichojifunza wiki zilizopita.

Mpango unaofuata ni wa dakika 15 ndani ya kipindi cha dakika 40, kwa darasa la wanafunzi 48. Darasa lako likiwa na idadi nyingine, hesabu ya vifaa ndiyo itakayobadilika.

Wanachokijua tayari, na kinachowaponza

Kabla ya kupanga shughuli yoyote, jiulize somo la sehemu linasimama juu ya nini hasa. Kwanza, linasimama juu ya kugawana kwa usawa: mtoto aweze kuchukua vitu 12, awagawie watu 3, na ajue kwamba kila mmoja lazima apate idadi ile ile. Pili, linasimama juu ya kulingana kwa vipande, jambo ambalo ni tofauti na lile la kwanza. Kugawana vijiti ni kuhesabu tu. Kugawana kitu kimoja ni kulinganisha ukubwa, na mtoto hodari wa kuhesabu vijiti anaweza kukata karatasi vipande viwili visivyolingana akaridhika kabisa, kwa sababu kila mtu amepata "kimoja". Tatu, linasimama juu ya maneno anayoyasikia kila siku, hasa nusu na robo, ambayo huja darasani yakiwa na maana zisizokamilika.

Kisha kuna maarifa yanayomponza. Tangu alipoanza kuhesabu, kila namba kubwa imemaanisha vitu vingi zaidi: 8 ni kubwa kuliko 4, basi. Kwenye sehemu sheria hiyo inageuka, kwa kuwa 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Mtoto hasahau sheria ya zamani kwa kuambiwa tu, na isiposhughulikiwa mapema hukua naye. Katika upimaji wa kitaifa uliofanyika Marekani mwaka 1978, watoto wa miaka 13 waliombwa wakadirie 12/13 + 7/8 bila kukokotoa. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia 1, kwa hiyo jibu linakaribia 2. Ni asilimia 24 tu waliochagua 2. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu peke yake au za chini peke yake, kana kwamba sehemu ni namba mbili zilizopandana bila kuhusiana.

Mwanzo mzuri wa somo, basi, unafanya kazi mbili kwa pamoja. Unaamsha ule ujuzi wa kugawana ili utumike, na unaitoa hadharani ile tabia ya "namba kubwa ni kingi" mapema, mtoto angali ana karatasi mkononi ya kujisahihisha.

Siku moja kabla: maswali matatu

Huwezi kuamsha usichokijua kipo. Mwishoni mwa kipindi cha siku iliyotangulia, tenga dakika 5 na wape wanafunzi maswali haya wayajibu kwenye vipande vya karatasi, bila kusaidiana.

Swali la kwanza: vijiti 12 vimegawanywa kwa usawa kwa watoto 3, kila mmoja amepata vingapi? Swali la pili: chora ubaoni mistatili mitatu inayolingana. Wa kwanza umegawanywa kwa mstari wa wima unaopita katikati, wa pili kwa mstari wa wima uliosogea pembeni, na wa tatu kwa mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Waulize ni ipi imegawanywa nusu kwa nusu. Swali la tatu: watoto 2 wana karatasi 3 na wanataka kugawana, chora kila mmoja atapata nini.

Usisahihishe kwa vema na makosa. Soma majibu na uyapange mafungu, hasa ya swali la tatu, maana hilo ndilo litakalokuongoza. Fungu moja litakuwa la walioandika "1 baki 1" au waliochora karatasi moja kwa kila mtoto na moja pembeni. Hao hawajakosea, wamejibu kama walivyofundishwa, na mpango huu ni wao hasa. Fungu la pili litakuwa la waliochora moja na nusu. Hao watakuwa mashahidi wako kesho, usiwaache wawe watangazaji. Fungu la tatu ni la waliompa mmoja 2 na mwingine 1. Likiwa na watoto wachache, wapange kesho wakae na wenzao wa fungu la kwanza. Likifika kama robo ya darasa, usianze sehemu kesho. Tumia kipindi kizima kugawana vitu kwa usawa kwanza, kwani kila utakachojenga juu ya hapo kitayumba.

Swali la pili lina faida yake. Mtoto anayechagua mstatili wa kwanza peke yake anaijua nusu kama picha, mstari wa wima katikati, na bado hajaijua kama uhusiano wa ukubwa. Anayekubali hata ule wa pili anadhani nusu ni kugawa vipande viwili vyovyote. Wa pili anahitaji msaada wa haraka zaidi, kwa sababu "kulingana" ndiyo nguzo ya kila kitakachofuata.

Kuandaa kanda za karatasi

Tumia kanda ndefu na nyembamba, usitumie maduara. Duara ni gumu kugawanya kwa mkono: lazima upate kitovu, na kosa dogo halionekani. Ukanda una upande mmoja tu wa kushughulika nao, yaani urefu, na vipande vyake vikilazwa kimoja juu ya kingine, macho yanaona papo hapo kama vinalingana. Zaidi ya hayo, ukanda utakusaidia tena utakapofika kwenye mstari wa namba, mahali ambapo duara halina la kukusaidia.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ukiikata kwa upana, kanda za sentimita 3, unapata kanda 9 zenye urefu wa sentimita 21 kila moja. Kila kundi la watoto wanne litahitaji kanda 7, kwa hiyo makundi 12 yanahitaji 84. Kata karatasi 11 upate kanda 99, zile 15 zinazozidi ziwe za akiba kwa watakaokosea kukunja. Karatasi iliyotumika upande mmoja inafaa vizuri. Angalizo moja tu: kanda zote ziwe na urefu ule ule. Zikitofautiana, mtoto atalinganisha nusu ya ukanda mfupi na robo ya ukanda mrefu, na utapoteza dakika 5 ukieleza jambo ambalo hukukusudia kulileta leo.

Mikasi haihitajiki. Karatasi iliyokunjwa na kukandamizwa vizuri kwa ukucha huchanika sawasawa kwenye mkunjo, na kukunja kwenyewe kunamlazimisha mtoto alinganishe ncha kwa ncha kabla ya kutenganisha. Mwenye mkasi hukata kwa kukisia.

Panga watoto wawili wawili, na jozi mbili zinazokaa jirani ziwe kundi moja la wanne. Ikibaki jozi moja peke yake, iwe na "wenzao wawili wasiokuwepo": watenge mafungu manne mezani na wagawe kana kwamba wako wanne. Ukipata kundi la watatu, usiliache lifanye kazi ya watu watatu. Kukunja ukanda upate vipande vitatu vinavyolingana ni kugumu zaidi kuliko viwili au vinne, ambako mtoto anakunja nusu kisha nusu tena. Theluthi ina siku yake.

Dakika ya 0 hadi ya 3: baki la mpira na baki la karatasi

Andika ubaoni 3 ÷ 2. Usiseme neno lolote kuhusu sehemu, wala usiandike kichwa cha somo. Waache wajibu, na bila shaka utasikia "1 baki 1". Liandike hivyo hivyo ubaoni, maana ni jibu sahihi.

Sasa uliza: "Watoto wawili wana mipira mitatu. Kila mmoja amechukua mmoja. Huu uliobaki tuufanyeje?" Watapendekeza wacheze kwa zamu, wauweke, wampe mwingine. Kubali yote. Kisha inua ukanda mmoja wa karatasi: "Na kama ni kanda tatu?" Nyamaza na uhesabu polepole hadi 5 moyoni kabla ya kumteua mtu. Kimya hicho kina kazi, kwani bila yake watajibu wale watatu wanaojibu siku zote.

Unachotafuta hapa ni mtoto atambue kwamba kuna vitu ambavyo baki lake haligawanyiki na vingine ambavyo linagawanyika. Mpira uliokatwa si mpira tena, lakini karatasi iliyokatwa bado ni karatasi. Walimu wengi huruka hatua hii wakiiona ya mchezo, kisha baadaye wanashangaa mtoto anapoandika kwamba kila basi limebeba watoto 12 na nusu. Dakika mbili zinatosha. Ukivuka dakika 3, endelea hata kama mikono bado iko juu.

Dakika ya 3 hadi ya 6: kanda tatu, watoto wawili

Gawa kanda 3 kwa kila jozi. Maelekezo yawe mafupi: "Gawaneni zote. Kisibaki kitu. Mkimaliza, mnithibitishie kwamba hakuna aliyemzidi mwenzake."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Pita katikati ya madawati na usikilize wanavyothibitisha. Wanaolaza kipande juu ya kipande wameshika jambo la kulingana. Wanaosema "kila mtu ana viwili" wamehesabu vipande bila kujali ukubwa. Waombe waweke vipande vyao vidogo kimoja juu ya kingine, kisha uondoke hapo bila kuongeza neno. Kipande kikichomoza, wataona wenyewe na wataomba ukanda mwingine. Ndiyo maana ulikata akiba.

Hapa pana mtego wa lugha. Usiulize "Ni sawa?" Mtoto atajibu "Sawa!" kwa maana ya kukubali, nawe utadhani amethibitisha usawa. Uliza "Vinalingana?" au "Kuna kilichozidi?" na udai uonyeshwe kwa mkono. Badiliko dogo kama hili huokoa salio la kipindi.

Dakika ya 6 hadi ya 10: ukanda mmoja, watoto wanne

Sasa jozi mbili zigeukiane. Kila mtoto ana ukanda mmoja mzima na kipande kimoja cha nusu. Waambie waweke vile vya nusu pembeni, vitahitajika baadaye kidogo. Kila mmoja amebaki na ukanda mmoja mzima, nanyi mnaongeza mmoja mpya katikati ya meza: kanda 5, watoto 4. Andika ubaoni 5 ÷ 4 = 1 baki 1, chini ya ile ya kwanza. Mabaki mawili yamekaa sambamba na yanafanana kabisa: baki 1 na baki 1.

Kabla hawajagusa karatasi, wape utabiri. "Kwanza mligawana baki wawili. Sasa mtagawana baki wanne. Kipande cha kila mmoja kitakuwa kikubwa kuliko kile cha kwanza, kidogo, au kitalingana nacho? Kikubwa, inua kidole kimoja. Kidogo, viwili. Kitalingana, vitatu. Weka kifuani, usionyeshe jirani." Hesabu moja, mbili, tatu, wote waonyeshe kwa pamoja. Hesabu vidole kwa haraka na ukumbuke idadi, ila usiseme nani amepata wala nani amekosa.

Wanaoinua kidole kimoja mara nyingi wamefuata namba 4 kwa kuwa inazidi 2. Wanaoinua vitatu huenda wamesoma ubao: baki ni 1 kote, basi kipande ni kile kile. Kosa hili la pili ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto huyo ameangalia kitu kinachogawanywa na kilichobaki ni kuangalia wanaogawana pia. Waache wakunje.

Tazama mikono yao. Njia inayotarajiwa ni kukunja nusu, kisha kukunja nusu tena bila kufungua, na kupata vipande vinne vya sentimita 5 na robo. Mtakutana na njia nyingine. Kuna atakayetaka vipande vinne akakunja mara nne mfululizo kama feni, kisha akifungua akakuta vitano. Amehesabu mikunjo akidhani anahesabu vipande. Mwulize tu: "Mkunjo mmoja ulikupa vipande vingapi?" Kuna atakayekunja nusu mara tatu na kupata vinane, huyo yuko vizuri, mwambie kila mtu achukue viwili na aendelee. Na kuna atakayechana vipande vinne kwa kukisia, kimoja kikawa chembamba. Warudishe kwenye ule uthibitisho wa kulaza.

Huenda kundi moja likafanya jambo ambalo hukulipanga: likachana kanda zote tano, kila moja vipande vinne, na kila mtoto akapata vipande vitano vidogo. Usiwazuie na usiseme wamepoteza karatasi. Wamepata 5/4, nao wenzao wamepata 1 na 1/4, na ni kiasi kile kile. Waombe watunze vipande vyao kwenye bahasha. Leo huna nafasi ya kulifungua jambo hilo, lakini siku ya namba mchanganyiko utalikuta limeshatengenezwa na wanafunzi wako mwenyewe, nalo litakuwa na nguvu kuliko mchoro wowote utakaouleta.

Wakimaliza, sema: "Chukua kipande chako cha kwanza, cha wawili. Kilaze juu ya cha sasa, cha wanne." Huo ndio wakati utabiri unapojibiwa. Usiwaambie jibu, karatasi imeshawaambia. Uliza mmoja kati ya walioinua kidole kimoja, kwa upole, bila kumwaibisha: "Unaona nini? Kwa nini imekuwa hivyo?" Sentensi unayoisubiri ni kama hii: "Tukiwa wengi, kila mmoja anapata kidogo." Ikitoka kinywani mwa mtoto, iandike ubaoni kwa maneno yake hayo hayo.

Dakika ya 10 hadi ya 13: maneno yao

Sasa ndipo maneno yanapoingia. Uliza kipande cha wawili wanakiitaje, kisha cha wanne. "Nusu" itakuja mara moja. "Robo" pengine itatoka kwa mmoja au wawili. Anayeitaja robo usimsifie na kupita. Mwambie aonyeshe kwa ukanda amejuaje.

Sikiliza maana wanazokuja nazo. Nusu ya kila siku mara nyingi ni "kipande" tu, ndiyo maana watoto hugombania "nusu kubwa". Ukisikia usemi huo, simama hapo na uulize kama nusu mbili za ukanda wao zinaweza kuzidiana. Robo nayo huja kutoka kwenye saa: saa mbili na robo, saa tatu kasorobo. Mtoto anaweza kukuambia kwamba robo ni 15, na ana sababu, kwani robo saa ni dakika 15. Mwulize saa nzima ina dakika ngapi, na hizo 60 zimegawanywa mafungu mangapi yanayolingana. Umeshampeleka kutoka namba hadi uhusiano, kwa ujuzi wake mwenyewe.

Neno "sehemu" lenyewe linahitaji uangalifu, pengine kuliko yote. Katika mazungumzo ni mahali, na pia ni kipande chochote cha kitu, kikubwa au kidogo. Katika hesabu ni kipande kilichotokana na kugawanya kitu kizima kwa usawa. Liseme wazi, mara moja: "Tangu leo, kwenye hesabu, tukisema sehemu tunamaanisha vipande vinavyolingana." Halafu rudi kwenye mstatili wa pili wa jana, ule wenye mstari uliosogea pembeni, na uliza kama kimojawapo cha vipande vile ni nusu. Wakikataa kwa sauti moja na kutoa sababu, njia imefunguka. Wakigawanyika, tumia dakika ya ziada hapo, itaokoa nyingi baadaye.

Dakika ya 13 hadi ya 15: kuvuka kwenda kwenye alama

Mwanzo wa somo unaishia pale unapokabidhi kazi kwa somo lenyewe. Makabidhiano hayo yafanyike kwenye zile hesabu mbili zilizoko ubaoni. Chini ya 5 ÷ 4 = 1 baki 1, uliza: "Baki hili tuliligawanya vipande vingapi vinavyolingana?" Vinne. Chora mstari mfupi mlalo na uandike 4 chini yake. "Kila mmoja alichukua vingapi?" Kimoja. Andika 1 juu. Sasa badala ya "baki 1" andika 1/4, ili ubao usomeke: 5 ÷ 4 = 1 na 1/4. Fanya vivyo hivyo kwa 3 ÷ 2.

Angalia mpangilio wa kuandika: mstari kwanza, namba ya chini ya pili, namba ya juu mwisho. Unafuata mpangilio wa mikono yao. Waliamua kwanza vipande vingapi, ndipo wakachukua. Mwalimu anayeandika 1 kwanza kisha 4 anaonyesha namba mbili zilizopangwa juu na chini, na mtoto hana sababu ya kuona kwamba zina uhusiano. Soma kwa maneno marefu leo: "kipande kimoja kati ya vinne vinavyolingana." Majina "asili" kwa namba ya chini na "kiasi" kwa ile ya juu yaache kwa dakika zitakazofuata au kwa kesho. Ni majina mazuri, lakini ukiyaleta sasa yatachukua nafasi ya ile picha ya ukanda ambayo ndiyo kwanza inakaa akilini.

Malizia kwa swali moja la kukagua, bila karatasi: "Ukanda ule ule wangegawana watoto 8, kipande kingekuwa kikubwa au kidogo kuliko cha wanne?" Vidole kifuani tena, kimoja kwa kikubwa, viwili kwa kidogo. Linganisha na hesabu ya ule utabiri wa awali. Wakiwa karibu wote wameinua viwili, anza somo. Waliokosa wakiwa wachache, chini ya robo ya darasa, anza somo, lakini waache na kanda zao mezani na uwapitie wakati wenzao wanaandika. Wakiwa robo ya darasa au zaidi, kunjeni pamoja ukanda mmoja wa akiba mara tatu kwa nusu, mfungue, muone vinane, mlaze kipande kimoja juu ya robo. Hilo linakula dakika 3 za somo, nazo utazifidia kwa kupunguza mazoezi ya daftarini, usifidie kwa kuharakisha maelezo.

Pale mpango unapoharibika

Kosa linalotokea zaidi ni mwalimu kutangaza mada mwanzoni. Ukiandika "Sehemu" ubaoni dakika ya kwanza, baadhi ya watoto wataacha kutumia akili ya kugawana na kuanza kukumbuka alama walizoziona kwa kaka zao. Utasikia "moja juu ya mbili" kutoka kwa mtoto asiyeweza kukunja ukanda nusu, na utadhani darasa liko mbele kuliko lilipo. Kichwa cha somo kiandikwe dakika ya 15.

Kosa la pili ni kuugeuza mwanzo kuwa marudio. Maswali kumi ya kugawanya ya papo kwa papo yanachangamsha darasa, lakini yanaamsha majedwali ya kuzidisha tu, na jedwali halisemi lolote kuhusu ukubwa wa kipande. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukifika kwenye 1/4, hakuna mtoto anayerejea alichofanya dakika 10 zilizopita. Kama shughuli ya mwanzo inaweza kuondolewa na somo likaendelea bila kupungukiwa, haikuwa mwanzo wa somo hilo.

La tatu linahusu muda. Kukunja kunafurahisha, na makundi yakiachwa yatakunja hadi kengele. Weka saa mahali unapoiona, na ukubali kuliacha kundi moja likiwa halijamaliza. Litaelewa likilaza vipande vya jirani.

Mwisho, usizitupe kanda. Kila kundi liweke nusu zake na robo zake kwenye bahasha yenye majina yao, pamoja na ukanda mmoja mzima. Siku ya kulinganisha sehemu, robo mbili zitalazwa juu ya nusu. Siku ya mstari wa namba, ukanda mzima utakunjwa nusu kisha nusu tena, ufunguliwe na kuwekwa kati ya 0 na 1, na mikunjo itaonyesha 1/4, 2/4 na 3/4 zinapokaa.